Mashine moja, hoja tano: uchague ipi kwenye kesi ya mkataba?

Majedwali mengi ya sheria ya mikataba yamepangwa kwa mafungu matatu: kuundwa kwa mkataba, utetezi, na nafuu, yaani kile ambacho mahakama inampa mdai. Mwanafunzi hujaza visanduku kuanzia juu kwenda chini, na akifika kwenye nafuu huwa amechoka, kwa hiyo anaandika "fidia" kisha anaweka kalamu. Mimi napendelea kuanzia chini. Ukishajua mteja anataka kuachwa wapi kifedha, hoja ya kuitanguliza huonekana yenyewe, maana kila hoja ina mahali pake inapomwacha mtu. Tuziweke kando kwa kando kwa kisa kimoja tu, huku tukikigeuza kidogo kila mara. Sheria ninayoifuata ni ile yenye asili ya Uingereza, inayotumika katika nchi nyingi zilizorithi mfumo huo.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumatatu, muuzaji anamwandikia mnunuzi: "Nauza mashine ya kuchapa, 10,000. Imechapa kurasa milioni 2 tu. Nijibu kabla ya Ijumaa." (Sarafu weka unayotaka.) Jumanne mnunuzi anauliza: "Je, ungepokea malipo kwa awamu mbili?" Muuzaji hajibu. Jumatano mnunuzi anaandika: "Sawa, nimekubali, 10,000 taslimu." Alhamisi analipa, anaichukua mashine. Baada ya mwezi fundi anaifungua na kugundua kwamba kihesabio kiliwahi kubadilishwa, na mashine imechapa kurasa milioni 9. Kama ingekuwa ya milioni 2, sokoni ingefika 12,000. Kwa hali yake halisi ni 7,000.

Shika namba mbili. 10,000 ni hali aliyokuwa nayo mnunuzi kabla ya kuingia kwenye biashara hii. 12,000 ni hali ambayo angekuwa nayo kama alichoambiwa kingekuwa kweli. Karibu kila hoja iliyomo kwenye jedwali inampeleka kwenye mojawapo ya namba hizi, na ubishi wote wa mawakili ni kuhusu ipi.

Je, mkataba uliundwa?

Watu huukimbilia ujumbe wa Jumanne. Katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench (1840), mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema amekubali ile 1,000. Mahakama ilisema amechelewa: kutaja bei nyingine kuliua pendekezo la kwanza, na hawezi kulifufua peke yake. Lakini katika Stevenson dhidi ya McLean (1880), mnunuzi wa chuma aliuliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali kupokea mzigo ukisambazwa kwa miezi miwili. Hilo lilihesabiwa kuwa swali tu, na pendekezo likabaki hai. Kipimo ni jinsi msomaji wa kawaida angeuelewa ujumbe: anaulizwa kitu, au anaambiwa "bila hiki sichukui"? Ujumbe wetu wa Jumanne uko upande wa Stevenson, na "ungepokea" ndiyo inayoubeba.

Hata hivyo, katika kisa chetu jambo hilo halina uzito wanafunzi wanaoupa. Tuseme Jumanne iliua pendekezo. Basi ujumbe wa Jumatano ni pendekezo jipya la mnunuzi, na muuzaji aliyepokea fedha na kukabidhi mashine amekubali kwa kitendo. Brogden dhidi ya Metropolitan Railway (1877) ndiyo mfano wake: watu waliofanya biashara ya makaa kwa kufuata rasimu ambayo upande mmoja haukuwahi kuisaini walikutwa wamefungwa nayo. Fedha zikishalipwa na kitu kikishachukuliwa, hoja ya "hakukuwa na mkataba" mara nyingi ni kupoteza karatasi. Na hata ikikubaliwa, inampa nini mnunuzi? Arudishiwe 10,000, arudishe mashine. Kuna njia rahisi zaidi ya kufika hapo.

Geuza kisa: Alhamisi, kabla ya malipo yoyote, muuzaji anamuuzia mtu mwingine kwa 11,000. Sasa Jumanne ndiyo kesi nzima. Likiwa swali, mkataba ulifungwa Jumatano, na mnunuzi anadai tofauti ya soko na bei, yaani 2,000. Likiwa pendekezo pinzani, hapati kitu. Asijisumbue kuomba amri ya kumlazimisha muuzaji atekeleze. Mashine yenye mfano wake sokoni hutolewa fidia, na mahakama huiweka amri hiyo kwa vitu kama ardhi au kitu cha pekee ambacho fedha haiwezi kukileta.

Maneno ya "kurasa milioni 2" ni nini?

Hapa ndipo penye fedha. Sentensi ileile inaweza kuwa sharti la mkataba, maelezo ya uongo yaliyomvuta mtu aingie, au imani ya makosa waliyokuwa nayo wote wawili. Visanduku hivi vitatu havilipi sawa.

Kama ni sharti, muuzaji ameahidi kwamba kurasa ni milioni 2, na amevunja ahadi. Kama ni maelezo tu, hakuahidi. Alisema jambo lililomshawishi mwenzake, na likawa si kweli. Kesi mbili za magari zinautenga mpaka vizuri. Katika Oscar Chess dhidi ya Williams (1957), mtu wa kawaida aliwapa wafanyabiashara wa magari gari alilosema ni la 1948, kwa kufuata kitabu chake cha usajili. Lilikuwa la 1939. Mahakama ya Rufani ilisema hakuahidi kitu: hakuwa na utaalamu, na waliomsikiliza walikuwa na njia bora kuliko yeye za kujua ukweli. Katika Dick Bentley dhidi ya Harold Smith (1965), mfanyabiashara wa magari alimwambia mteja kwamba gari limetembea maili 20,000 tu tangu liwekewe injini nyingine, kumbe ni karibu 100,000. Hilo likawa sharti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua hoja, uliza nani kati yao ni mtu wa mashine. Muuzaji akiwa mfanyabiashara wa mitambo na mnunuzi akiwa anaanza tu kazi ya uchapaji, elekea kwenye sharti. Muuzaji akiwa mrithi aliyeikuta mashine stoo na kusoma kihesabio, na mnunuzi akiwa fundi, sharti litakuwa gumu kulithibitisha.

Sasa hesabu. Hizi hapa hoja zote kwa kisa kilekile:

| Hoja | Kisa kikigeuzwa hivi | Mkataba | Mnunuzi anaishia na |
|---|---|---|---|
| Haukuundwa | Jumanne ni pendekezo pinzani, hakuna makabidhiano | Haupo | Alichokuwa nacho: 10,000 |
| Maelezo ya uongo | Muuzaji alisoma kihesabio kwa nia njema, hakuahidi | Upo, unaweza kutenguliwa | 10,000, mashine irudi |
| Ulaghai | Muuzaji ndiye aliyebadilisha kihesabio | Upo, unaweza kutenguliwa | 10,000, au abaki na mashine na kulipwa 3,000. Pamoja na hasara nyingine zilizotokana na uongo |
| Kosa la pande zote | Wote waliamini milioni 2, na hakuna aliyetamka kitu | Kwa kawaida unabaki | Mashine ya 7,000 |
| Uvunjaji wa sharti | Muuzaji ni mfanyabiashara wa mitambo aliyeahidi | Upo, umevunjwa | Sawa na 12,000 |

Mstari wa mwisho unahitaji maelezo. Akibaki na mashine anadai tofauti ya thamani iliyoahidiwa na thamani halisi: 12,000 toa 7,000, sawa na 5,000. Mashine ya 7,000 na fedha 5,000 ni 12,000. Kama sharti lilikuwa la msingi anaweza pia kuikataa mashine na kuusitisha mkataba: anarudishiwa 10,000, na bado anadai 2,000 ya faida ya biashara aliyoikosa. Inakuwa 12,000 tena. Kipimo hiki kimesimama tangu Robinson dhidi ya Harman (1848): fedha imuweke mdai mahali ambapo utekelezaji ungemuweka.

Wengi huchanganya kusitisha na kutengua, kwa sababu kwa macho yanafanana, mashine inarudi na fedha zinarudi. Kutengua kunaufuta mkataba tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna ahadi iliyobaki ya kudaiwa. Kusitisha kunaukata kuanzia siku ile kwenda mbele, na ahadi iliyovunjwa jana inabaki kudaiwa. Barua ya mteja ikisema "natengua mkataba" wakati alitaka kusema "nausitisha", mwenzake atajaribu kuitumia barua hiyo kumnyima zile 2,000.

Mpaka hapa inaonekana sharti linashinda kila hoja. Si kweli. Badilisha namba moja: mashine ya kurasa milioni 2 sokoni ni 9,000 tu, yaani mnunuzi alilipa kupita kiasi. Kwenye uvunjaji wa sharti akibaki na mashine atapata 9,000 toa 7,000, yaani 2,000, na ataishia na 9,000. Akitengua kwa maelezo ya uongo atarudishiwa 10,000 yote. Mkataba uliokuwa mzuri, dai ahadi. Uliokuwa mbaya, utengue. Ndiyo maana namuuliza mteja bei ya soko kabla sijamuuliza nani alisema nini.

Mstari wa kosa huwakatisha tamaa wengi, na ndivyo ulivyo. Mahakama za Uingereza, kuanzia Bell dhidi ya Lever Brothers (1932) hadi kesi ya meli ya Great Peace (2002), kwa kawaida hazikubali kwamba kukosea kuhusu ubora wa kitu kunaua mkataba. Katika hiyo ya pili watu walikodi meli wakidhani iko maili 35 kutoka kwenye meli iliyoharibika, kumbe ziko maili 410 mbali. Mkataba ulibaki, kwa kuwa meli bado ingeweza kufika na kutoa huduma kwa sehemu ya maana. Kosa lenye nguvu ni la kitu kisichokuwepo kabisa, mathalani mashine iliyokwisha teketea kabla ya mkataba bila wao kujua. Nchi zinazofuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 zina kifungu cha 20 kinachosema makubaliano ni batili pande zote zikikosea jambo la msingi, lakini maelezo ya kifungu hichohicho yanaongeza kwamba kukosea thamani ya kitu si kosa la jambo. Usilitumie kosa kama hoja ya kwanza endapo kuna sentensi yoyote iliyotamkwa.

Sheria hiyo ya India ina mtego mwingine unaobadilisha uchaguzi. Kifungu cha 19 kinamnyima mtu haki ya kutengua kwa maelezo ya uongo yasiyo ya ulaghai kama angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Uingereza, tangu Redgrave dhidi ya Hurd (1881), mtu hanyimwi kwa sababu tu alipewa nafasi ya kukagua na hakukagua. Mnunuzi wetu akiwa fundi, na kihesabio kikiwa na muhuri uliovunjika mbele ya macho yake, jibu linaweza kugeuka kwa kuvuka mpaka tu.

Haki ya kutengua huoza

Mkataba wenye kasoro ya maelezo, ulaghai au shinikizo ni halali mpaka mwenye haki autengue, na haki hiyo inaweza kupotea. Inapotea akijua ukweli na kuendelea kama kawaida, vitu visipoweza kurudishwa, muda ukipita, au mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema akishaingia.

Kuhusu muda, Leaf dhidi ya International Galleries (1950) ni kali: mtu alinunua mchoro ulioelezwa kwa nia njema kuwa wa mchoraji Constable, akagundua baada ya miaka 5 kwamba si wa Constable, akanyimwa kutengua ingawa alichukua hatua mara tu alipogundua. Kwa mujibu wa kesi hiyo, pale ambapo hakuna ulaghai, muda unaanza kuhesabika bila kukungoja ujue. Angedai fidia ya uvunjaji wa sharti huenda angefaulu, lakini alikuwa amechagua kutengua tu.

Mtu wa tatu ndiye anayefanya tofauti ya "batili" na "unaoweza kutenguliwa" iwe ya fedha. Geuza kisa: tapeli anachukua mashine kwa hundi ya uongo, anamuuzia mtu asiyejua kitu, anatoweka. Muuzaji anataka mashine yake. Mkataba ukiwa batili, tapeli hakupata umiliki na hakuwa na cha kuuza, muuzaji anashinda. Ukiwa wa kutenguliwa na ulikuwa bado haujatenguliwa, mtu wa tatu anashinda. Katika Cundy dhidi ya Lindsay (1878), tapeli aliandika barua akijifanya kampuni nyingine halisi, na mkataba ukawa batili. Katika Lewis dhidi ya Averay (1972), tapeli alikuja uso kwa uso akijifanya mwigizaji maarufu, na mkataba ukahesabiwa kuwa na yule aliyesimama pale mbele. Mwaka 2003, katika Shogun Finance dhidi ya Hudson, majaji watatu dhidi ya wawili waliubakiza mpaka huo kati ya maandishi na ana kwa ana. Binafsi nawaona wale wawili walikuwa na hoja bora, ila ukijibu mtihani au ukimshauri mtu, mpaka ndio huo.

Muuzaji aliyetapeliwa ana kwa ana bado ana kitu cha kufanya. Katika Car and Universal Finance dhidi ya Caldwell (1965), mwenye gari hakuweza kumpata tapeli ili amwambie anatengua, lakini alitoa taarifa polisi mara moja na kuomba gari litafutwe. Mahakama ilisema hiyo inatosha kuwa kutengua, na kwa kuwa alitangulia mnunuzi wa nia njema, gari lilirudi kwake. Saa iliyoandikwa kwenye taarifa ya polisi inaweza kuwa ndiyo ushahidi mkuu.

Nyongeza ya bei chini ya shinikizo

Kisa kingine kifupi: mkataba umefungwa kwa 10,000, lakini siku ya kukabidhi muuzaji anasema, "Ongeza 1,000 au sikupi." Mnunuzi ana kazi ya kesho, analipa. Hoja mbili zinashindana. Ya kwanza ni kwamba nyongeza haikupewa kitu chochote kipya, kwa kuwa muuzaji alikuwa tayari anadaiwa mashine. Ndiyo Stilk dhidi ya Myrick (1809), mabaharia walioahidiwa mshahara zaidi kwa kazi ileile. Lakini Williams dhidi ya Roffey (1991) ililegeza: faida halisi anayoipata mlipaji, kama kuepuka kazi kukwama, inaweza kutosha, ilimradi hakukuwa na shinikizo. Kwa hiyo hoja ya pili, shinikizo la kiuchumi, ndiyo inayoamua siku hizi.

Nayo huoza vilevile. Katika kesi ya meli ya Atlantic Baron (1979), waliotengeneza meli walilazimisha nyongeza ya asilimia 10. Jaji alikubali kwamba lilikuwa shinikizo, lakini walionunua walikaa miezi kadhaa baada ya kukabidhiwa meli bila kupinga, wakahesabiwa wameuridhia mkataba. Mnunuzi wetu alipe, aandike siku hiyohiyo kwamba analipa kwa kupinga, na adai mara mashine ikishatoka getini.

Faida ya kazi iliyopotea

Tuseme pia kuna kazi ya uchapaji ambayo mnunuzi aliikosa mashine ilipoharibika. Angepata faida ya 3,000. Kwenye kutengua kwa maelezo ya nia njema, isahau. Kwenye uvunjaji wa sharti inategemea alichokijua muuzaji siku ya mkataba. Hadley dhidi ya Baxendale (1854) ilihusu kinu kilichoendelea kusimama kwa sababu shafti iliyovunjika ya mtambo wake ilicheleweshwa na msafirishaji. Faida ya siku hizo haikulipwa, kwa kuwa msafirishaji hakuelezwa hali iliyomfanya mwenye kinu asiwe na shafti nyingine. Sentensi moja ya mnunuzi wiki ile ya mazungumzo, "naihitaji kwa kazi ya mwezi ujao", inaweza kuwa na thamani ya 3,000.

Na hata hapo aangalie asidai kitu kilekile mara mbili. Thamani ya mashine sokoni tayari imebeba uwezo wake wa kuzalisha. Katika Cullinane dhidi ya British Rema (1954), mtambo wa kusaga udongo ulizalisha chini ya kiwango kilichoahidiwa, na Mahakama ya Rufani ikakataa kumlipa mdai mtaji uliopotea pamoja na faida yote iliyopotea; alitakiwa achague. Mnunuzi wetu akidai 5,000 ya tofauti ya thamani, faida ya kuongeza juu yake ni ile tu ya kipindi ambacho, kwa bidii ya kawaida, asingeweza kupata mashine nyingine. Kama kwa wiki moja angeweza kukodi, mahakama itamhesabia wiki hiyo na gharama ya kukodi.